Shilingi 375 zilizobaki kwenye akiba yangu

Mimi ni fundi cherehani, na kibanda changu kiko Majengo. Desemba 2022 niliweka shilingi 200,000 kwenye akaunti ya akiba ya mwaka mmoja yenye riba ya asilimia 8. Nilitaka kuzikuza kidogo, kisha ninunue cherehani tatu za umeme. Mwaka ulipokwisha nilisikia redioni kwamba mfumuko wa bei nchini Kenya wa Desemba 2023 ulikuwa asilimia 6.6. Nikachukua daftari la vipimo vya wateja na kuandika ukurasa wa nyuma: 8 toa 6.6, baki 1.4. Kwa laki mbili hiyo ni shilingi 2,800. Si nyingi, lakini nikajiambia ndiyo faida yangu halisi.

Taarifa ya benki ndiyo iliyonizindua. Riba iliandikwa 16,000, na chini yake kulikuwa na kodi ya 2,400. Nilikuwa nimesahau kwamba kwa mkazi wa Kenya benki hukata asilimia 15 ya riba kabla hujaigusa, na kodi ya riba hiyo huwa imeishia hapo. Nikajaribu kujitetea: basi nikate asilimia 15 kwenye ile 1.4 yangu, nipate 1.19. Hesabu hiyo ni kosa, na nadhani wengi hulifanya. Kodi haijui habari za mfumuko wa bei. Hukatwa kwenye riba nzima ya asilimia 8, hata ile sehemu iliyokuja kufidia tu bei zilizopanda. Kwa hivyo kodi huja kwanza: 8 mara 0.85 ni asilimia 6.8. Pesa zangu zikawa 213,600.

Sasa 6.8 toa 6.6 ni 0.2, yaani shilingi 400. Kutoka 2,800 hadi 400! Nikafunga daftari.

Jioni hiyo nilikwenda kwa shangazi, Kisauni. Yeye hataki riba kabisa, ni mambo ya dini yake, na akiba yake iko kwenye akaunti isiyolipa chochote. Nikamwambia, kama vile nimekuwa mtaalamu, "Shangazi, mwaka huu umepoteza asilimia 6.6 ya pesa zako."

Akanitazama. Shangazi aliuza mahamri miaka mingi. "Mwanangu," akasema, "hamri moja ikiwa shilingi 5, shilingi 100 zangu ni mahamri 20. Ikipanda ikawa 10?"

"Kumi."

"Bei imepanda asilimia ngapi?"

"Mia kwa mia."

"Kwa hesabu yako ya kutoa basi nimepoteza asilimia mia, sina kitu. Haya mahamri kumi nimeyatoa wapi?"

Sikuwa na jibu. Amepoteza nusu, si zote. Niliporudi nyumbani ndipo nikaelewa alichonifunza. Pesa hupimwa kwa vitu inavyonunua, na idadi ya vitu hupatikana kwa kugawa pesa kwa bei. Kutoa bei hakukupi idadi ya mahamri. Riba ikizidisha pesa na mfumuko ukizidisha bei, basi unagawa kimoja kwa kingine:

```
(1 + riba × (1 − kodi)) ÷ (1 + mfumuko) − 1
```

Asilimia ziandikwe kama desimali: 8 ni 0.08, 15 ni 0.15. Kwangu mimi ikawa 1.068 ÷ 1.066 − 1, sawa na asilimia 0.188. Shangazi ni 1 ÷ 1.066 − 1, hasara ya asilimia 6.19, si 6.6.

Unaweza kuona sababu yake bila fomula. Vitu vilivyonigharimu 200,000 mwanzoni sasa vinataka 213,200. Nina 213,600, kwa hivyo zimebaki 400. Lakini hizo 400 ni shilingi za mwisho wa mwaka, ambazo zimekwisha kupungua nguvu. Nikizigawa kwa 1.066 nazirudisha kwenye nguvu za shilingi nilizoweka, nazo zinakuwa 375. Kutoa hakukunidanganya kama nimepata au nimekosa. Kulitia chumvi tu, na chumvi hiyo hukua kadiri mfumuko unavyokua. Mfumuko ukiwa asilimia 3 hutaionja.

Sitaki kujidai. Kati ya 400 na 375 ni nauli ya matatu. Kosa kubwa zaidi nililikaribia mahali pengine. Shirika la Kitaifa la Takwimu hutoa mfumuko wa kila mwezi, ukilinganisha mwezi huo na mwezi kama huo wa mwaka uliopita. Pia kuna wastani wa mwaka mzima, na wa 2023 ulikuwa asilimia 7.7. Ningetumia huo, ningepata 1.068 ÷ 1.077, yaani hasara ya asilimia 0.84. Faida ingegeuka hasara kwa sababu ya namba niliyochagua. Pesa zangu ziliingia Desemba na kutoka Desemba, hivyo namba ya Desemba ndiyo yangu. Kama ningeweka Machi hadi Machi, ningetafuta ya Machi.

Nikapiga pia hesabu ya kurudi nyuma: ili akiba isipungue wala kuongezeka, riba ilipaswa kuwa 6.6 ÷ 0.85, karibu asilimia 7.76. Kumbe nilipona kwa tundu la sindano.

Halafu nikaenda dukani kuulizia cherehani, na huko ndiko nilikoumia. Mwaka 2022 moja ilikuwa 55,000. Sasa ilikuwa 70,000, kwa sababu huagizwa kutoka nje, na dola ilikuwa imepanda kutoka kama shilingi 123 hadi kama 156 katika mwaka huo mmoja. Namba ya takwimu hupima kapu la vitu vya nchi nzima: unga, nauli, kodi ya nyumba. Kapu langu lilikuwa na kitu kimoja tu. Bei yake ilipanda asilimia 27.3. Kwa kutoa, 6.8 toa 27.3, nimepoteza asilimia 20.5. Kwa kugawa, 1.068 ÷ 1.273, nimepoteza 16.1. Hapa tofauti si nauli tena, na njia sahihi unaweza kuihakiki kwa vidole: laki mbili zilikuwa cherehani 3.64, na 213,600 zikawa cherehani 3.05. Gawa 3.05 kwa 3.64, utapata karibu 0.84.

Tatu ningezipata, ila ningebaki na 3,600 badala ya 35,000, na meza nilikuwa sijanunua. Nikasubiri. Nikaziweka tena zote mwaka mmoja kwa asilimia 11, ambayo baada ya kodi ni 9.35. Mfumuko wa Desemba 2024 ulikuwa asilimia 3.0, na 1.0935 ÷ 1.03 ilinipa asilimia 6.17. Kwa miaka miwili sikujumlisha asilimia, nilizidisha: 1.00188 mara 1.0617, karibu asilimia 6.4.

Shilingi nayo ilikuwa imepata nguvu, na cherehani imeshuka hadi 62,000. Nilikuwa na 233,571. Nikanunua tatu, nikabaki na 47,571, na fundi wa mbao wa jirani akanitengenezea meza.

Nilimpelekea shangazi habari. Akauliza kitu kimoja tu: hiyo ni sawa na mahamri mangapi?