Nilivyoandika utambulisho wa mtoa mada usomwe kwa dakika moja

Mwaka jana, kwenye mkutano mkuu wa SACCOS yetu ya walimu, nilimpa mshereheshaji wasifu wa mtoa mada kama ulivyo, kurasa tatu, naye akausoma wote. Zilipita dakika tisa. Kila akifika kwenye mwaka alisita, vyeti alivitamka herufi moja moja, na kwa kuwa jina la mgeni lilikuwa juu kabisa, alipofika mwisho hakuna aliyejua kama apige makofi au aendelee kusubiri. Mgeni aliinuka, akakaa, akainuka tena. Niliumia sana, maana ni mimi niliyepeleka zile karatasi.

Safari hii tulimwalika daktari wa macho aje kutufundisha kuhusu presha ya macho, na utambulisho nikapewa tena mimi. Wasifu niliusoma, lakini kabla ya kuandika nilimpigia simu. Nilimuuliza jina lake linatamkwaje, angependa aitweje, na kama kuna jambo asingependa lisemwe. Majibu yake yalinifaa kuliko zile kurasa. Jina lake la ukoo linaanza na Ng' ya ng'ombe, ila kwenye wasifu kile kialama kilikuwa kimedondoka, na mtu yeyote angelisoma kwa Ng ya ngoma. Cheo kilichoandikwa alikwisha kukiacha. Tena aliwahi kugombea udiwani, akaniomba nisiliguse hilo mbele ya walimu wa vyama mbalimbali.

Kisha nikajiuliza walimu wanahitaji kujua nini ili wamsikilize. Orodha ya shahada haikuwa jibu. Nilipata mambo matatu: kwamba kabla ya udaktari alifundisha shule ya msingi miaka minne, kwamba ni bingwa wa macho, na kwamba huenda vijijini kupima macho. Lile la ualimu nikaliweka mwanzo, kwa sababu ndilo linalomfanya awe mwenzetu.

Katika rasimu ya kwanza niliandika pia kwamba presha ya macho huiba uwezo wa kuona polepole, mara nyingi bila maumivu, na kilichopotea hakirudi. Nilijivunia sentensi ile. Nilipomsomea, daktari akasema kwa upole, "Mwalimu, hiyo niachie, ndiyo ninayoanzia." Nikaifuta. Mada inatakiwa itajwe tu. Kuieleza ni kazi ya mwenyewe.

Hiki ndicho nilichompa mshereheshaji, na pale palipoandikwa "jina" paliandikwa jina lake kamili:

"Ndugu walimu, mgeni wetu wa leo anaijua chaki. Alifundisha darasa la tatu kwa miaka minne kabla ya kwenda kusomea udaktari. Leo ni daktari bingwa wa macho katika hospitali ya rufaa ya mkoa wetu. Kwa miaka kumi na miwili sasa, kila mwaka hutoka na wenzake kwenda vijijini kupima macho ya watu ambao hospitali iko mbali nao. Amekuja kuzungumza nasi kuhusu presha ya macho, hasa kwa sisi tuliovuka miaka arobaini. Ndugu walimu, tumkaribishe kwa makofi: Daktari (jina)."

Namba zote niliziandika kwa maneno, maana "12" inamlazimu msomaji aitafsiri akiwa mbele ya watu: kumi na mbili, au kumi na miwili? Jina linatokea mara moja tu, mwishoni, na ndilo linaloita makofi. Itifaki sikuiandika, mgeni rasmi na viongozi wanatajwa kwenye karatasi nyingine, na vikichanganywa, mtoa mada humezwa na vyeo vya wengine.

Nilisoma kwa sauti, nimesimama, nikiwa na saa. Mara ya kwanza pumzi iliniishia kwenye ile sentensi ya vijijini, ilikuwa na "ambao" mbili. Nikaipunguza. Ikatoka chini ya dakika moja, kwa mwendo wa kawaida. Nikaichapa kwa herufi kubwa, mistari imeachana, ukurasa mmoja, na pembeni ya jina nikaandika kwa kalamu: "kama ng'ombe."

Asubuhi ya mkutano nilimpa mshereheshaji nakala moja, nyingine nikabaki nayo. "Shikamoo mwalimu. Naweza kuongezea kidogo?" akauliza. Nikamwambia salamu na uchangamshaji ni vyake, ila kuanzia "Ndugu walimu" asome kama palivyo, tena mbele yangu mara moja. Alikosea jina. Alirudia mara tatu mpaka likakaa.

Ukumbini alilitamka sawasawa. Makofi yakaja palepale, daktari akatembea hadi kwenye kipaza sauti yakiwa bado yanaendelea, akangoja yatulie, kisha akaanza na ile sentensi yake. Ukumbi mzima ukanyamaza.