Sentroidi iliyoangukia nje ya eneo

Juzi mpwa wangu alinisogezea daftari lake akauliza, "Mjomba, nikipata sentroidi iko nje ya eneo lenyewe, si nimekosea?" Sentroidi ni nukta ya katikati ya uzito wa eneo, na jibu la swali hilo nililiona kwa macho siku moja darasani, likining'inia kwenye pini.

Wiki iliyotangulia tulikuwa tumemaliza eneo lililo kati ya y = x na y = x², kutoka 0 hadi 1. Ukubwa wake ni integrali ya x − x², yaani 1/6. Momenti kuuzunguka mhimili wa y ni integrali ya x(x − x²), yaani 1/12. Ukiigawanya kwa ukubwa unapata x̄, umbali wa sentroidi kutoka mhimili huo: x̄ = 1/2. Hadi hapo hakuna anayepotea. Wengi walipotelea kwenye ȳ, kimo cha sentroidi, maana walichukua nusu ya integrali ya (x − x²)², wakapata 1/60, na ȳ ikawa 1/10.

Mwalimu hakuwapa kanuni ya kukariri. Alichora kipande kimoja chembamba cha wima, kinachoanzia mkunjo wa chini g hadi mkunjo wa juu f, akauliza uzito wa kipande hicho uko wapi. Uko katikati yake, kwenye kimo cha (f + g)/2. Ukubwa wa kipande ni (f − g)dx. Zidisha kimo kwa ukubwa, utapata (f² − g²)/2 dx. Kwa hiyo kila mkunjo unapandishwa kipeo cha pili peke yake, ndipo unatoa. Ukitoa kwanza kisha ukapandisha, ni sawa na kukishusha kila kipande mpaka kitako chake kikae kwenye mhimili wa x, na hilo si eneo uliloulizwa tena. Kwa njia sahihi, momenti ni nusu ya (1/3 − 1/5), yaani 1/15, na ȳ = 2/5.

Palepale mtu akagundua kipimo cha haraka. Kwenye x = 1/2 eneo linaanzia kimo cha 0.25 hadi 0.5. Jibu la 0.4 limo ndani, lile la 0.1 liko nje. Basi darasa zima likashika hivyo: jibu likiwa nje, futa.

Ndipo likaja zoezi la y = x³ juu na y = x⁴ chini. Ukubwa ni 1/4 − 1/5 = 1/20. Momenti kuuzunguka mhimili wa y ni 1/5 − 1/6 = 1/30, hivyo x̄ = 2/3. Momenti kuuzunguka mhimili wa x ni nusu ya (1/7 − 1/9), yaani 1/63, hivyo ȳ = 20/63, karibu 0.317. Mwenzetu mmoja aliyekuwa ubaoni akapima kwa kile kipimo chetu: kwenye x = 2/3, mkunjo wa juu uko 8/27, karibu 0.296. Nukta imepita juu ya eneo. Akachukua kifutio.

"Acha hapo hapo," mwalimu akasema. "Usifute mpaka tulikate."

Tulichora eneo lile kwenye kadibodi gumu, kipimo kimoja kikiwa sentimita 40. Lilitoka kama mundu mwembamba. Mahali penye upana mkubwa zaidi wa wima, kwenye x = 3/4, lilikuwa na sentimita 4.2 tu. Ncha ya upande wa sifuri ni nyembamba mno na ukitoboa pale inachanika, kwa hiyo tundu la kwanza tuliliweka yapata sentimita 14 kutoka kushoto, palipo na upana wa kutosha. La pili liliwekwa karibu na ncha ya juu kulia. Kadibodi lazima liwe gumu kwelikweli, kwani likipinda kidogo uzito unahama na kipimo kinaharibika.

Tukalitundika kwa pini kwenye tundu la kwanza, na kwenye pini hiyohiyo tukafunga uzi wenye jiwe dogo, timazi ya kujitengenezea. Kadibodi likayumba, likatulia, na likitulia sentroidi huwa wima chini ya pini, yaani kwenye mstari wa uzi. Hapo ndipo darasa liliponyamaza, kwa sababu uzi ulitoka kwenye pini ukapita hewani kando ya tumbo la mundu, ukaja kukatisha kwenye kadibodi kule mbele. Tukatia alama ulipokatisha. Tundu la pili nalo likafanya vivyo hivyo, uzi ukipita hewani kwanza na kugusa kadibodi baadaye. Tukalaza kipande kwenye karatasi, tukafuatisha kingo zake kwa penseli, tukaunganisha kila tundu na alama yake kwa rula. Mistari ikakutana kwenye karatasi tupu, kama nusu sentimita nje ya ukingo wa juu.

Hesabu inasema vilevile. Tofauti ya 0.317 na 0.296, ukiizidisha kwa 40, ni sentimita 0.85 kwa wima. Kwa kuwa ukingo pale umeinama, umbali wa karibu zaidi ni nusu sentimita hivi.

Kifutio kilirudi mahali pake, ila kipimo chetu kilikuwa kimevunjika na ilibidi tupate kingine. Sentroidi hailazimiki kukaa ndani ya eneo. Inalazimika kukaa ndani ya umbo unalopata ukifunga eneo hilo kwa kamba iliyokazwa. Kwa mundu wetu, kamba hiyo inanyooka juu kutoka (0,0) hadi (1,1), na chini inalala juu ya x⁴ yenyewe. Kwenye x = 2/3, basi, ȳ inaruhusiwa kuwa popote kati ya 16/81, karibu 0.198, na 0.667. Jibu la 0.317 linapita. Anayetoa kwanza kisha akapandisha anapata 20/504, karibu 0.04, naye anakamatwa mara moja.

Mpwa wangu nilimwonyesha hayo yote, akafurahi, kisha akajaribu kusahau ile nusu makusudi aone itakuwaje. ȳ ikatoka 40/63, karibu 0.635. Iko chini ya 0.667. Kamba haikumkamata.

Kwa kosa hilo nilimpa njia ya vipande vya kulala. Kwenye kimo y, eneo linaanzia x = y^(1/3) hadi x = y^(1/4), na kipande chote kiko kwenye kimo kimoja, kwa hiyo hakuna nusu ya kusahau. Momenti ni integrali ya y(y^(1/4) − y^(1/3)) kutoka 0 hadi 1, yaani 4/9 − 3/7, ambayo ni 1/63. Inalingana na ile ya vipande vya wima, na zimefikiwa kwa njia mbili tofauti.

Ninachojiuliza ni kama mwalimu alifanya vyema kutuacha wiki nzima na kipimo kile kibovu. Ningeanza na kamba tangu mwanzo, nadhani. Lakini kwenye x na x² kamba na eneo ni kitu kimoja, na sijui mwanafunzi angeona sababu gani ya kuifunga.