Boila la mjomba na simu ya mkopo: nilivyotenganisha stimpanki na saiberpanki

Hadithi yangu ya kwanza ya kubuni ya kisayansi ilirudishwa na mhariri ikiwa na swali moja tu pembeni mwa ukurasa wa pili: "Huu mji unaendeshwa na nini?" Nilisoma swali lile mara kadhaa nikakosa jibu. Mji wangu ulikuwa na taa za neoni, mvua ya usiku na wadukuzi. Juu yake zilipita meli za angani zinazotoa moshi, na kila mtu alivaa miwani ya shaba yenye vigurudumu vya meno. Nilikuwa nimechanganya saiberpanki, mtindo wa hadithi za kompyuta na mitandao, na stimpanki, mtindo wa hadithi za mashine za mvuke, kwenye sufuria moja, kwa sababu majina yanafanana na picha za zote mbili zinapendeza.

Kufanana kwa majina kuna sababu yake. Neno saiberpanki lilitangulia: Mmarekani Bruce Bethke alilitumia kama jina la hadithi fupi iliyochapishwa mwaka 1983, na mwaka uliofuata riwaya ya William Gibson, Neuromancer, ikaupa mtindo huo sura ambayo wengi wanaifuata mpaka leo. Stimpanki ni mdogo wake kwa jina. Mwaka 1987 mwandishi K. W. Jeter aliliandikia barua jarida la Locus akitafuta neno la kuzitaja riwaya ambazo yeye na wenzake wawili walikuwa wakiziandika kuhusu Uingereza ya zama za Malkia Victoria. Akaitoa "saiber", akaweka "stimu", yaani mvuke, na neno likakaa. Jina, kwa hiyo, halimsaidii mgeni kuona tofauti. Mimi tofauti niliiona sehemu mbili, na hakuna hata moja iliyokuwa kitabuni.

Ya kwanza ni Mufindi. Mjomba wangu ni fundi wa boila katika kiwanda cha chai, na likizo ile nilimwomba anionyeshe kazi yake. Kulikuwa na baridi kali nje, lakini ndani ya chumba cha boila nilivua koti kabla hata sijamaliza kumwamkia. Vibarua walikuwa wakitupa magogo ya mkaratusi motoni. Mjomba alinisogeza mbele ya kioo chembamba kilichosimama wima ubavuni mwa boila, maji yakicheza ndani yake, na juu yake geji ambayo mshale wake ulikuwa ukitetemeka.

"Hiki kioo ndicho roho yangu," aliniambia. "Maji yakiwa nusu, naweza kunywa chai. Yakishuka usiyaone, hapo hakuna tena utani."

Alinieleza kwamba maji yakigeuka mvuke katika hewa ya kawaida hujaa nafasi kubwa mara 1,600 hivi kuliko yalivyokuwa. Ukiyafungia ndani ya chuma, nguvu hiyo lazima itafute pa kutokea: ipite kwenye bomba unalotaka wewe, au ipasue pale usipotaka. Aliniambia pia kwamba boila lililopoa huliwashi leo ukalitumia dakika hiyo hiyo. Unalipasha polepole, kwa saa kadhaa, ili chuma chote kitanuke kwa pamoja.

Nilisimama pale karibu saa nzima, na nilichokiona ni kwamba hakukuwa na kitu kilichofichwa. Moto unauona, maji unayaona, mshale unauona, na ukifuata bomba kwa macho unajua mvuke unakwenda wapi. Mtu mwenye spana na akili anaweza kuifungua mashine, akaielewa na kuirekebisha.

Hiyo ndiyo teknolojia ya stimpanki. Mwandishi anachukua karne ya 19, mara nyingi London yake ya makaa ya mawe, masizi na reli, kisha anauliza: mashine hizi zingeendelea kukua bila kupisha petroli na umeme wa kisasa, dunia ingekuwaje? Ndiyo maana kuna meli za angani, magari ya mvuke, mikono ya chuma yenye springi, na mvumbuzi anayefanya kazi kwenye karakana yake mwenyewe. Hisia zake zinatokana na huo uwazi wa mashine: udadisi, hamu ya safari, na imani kwamba ukiwa na bidii utakielewa kila kitu. Shaba inayong'aa na vigurudumu vya meno vipo kwa sababu ndivyo vinavyofanya kazi mbele ya macho yako. Mimi nilivibandika kwenye miwani, mahali ambapo havizungushi chochote.

Kielelezo ninachokipenda kuliko vyote ni mashine ya kukokotoa ya Charles Babbage. Mwingereza huyu alianza kuibuni miaka ya 1820, akapewa fedha za serikali, na mashine kamili hakuimaliza. Lakini mwaka 1991 Makumbusho ya Sayansi ya London ilikamilisha sehemu ya kukokotoa ya mashine yake ya pili kwa kufuata michoro aliyoiacha, maelfu ya vipande vya chuma na shaba, unaizungusha kwa mkono, na inatoa majibu sahihi. Mwaka mmoja kabla yake Gibson huyo huyo na mwenzake Bruce Sterling walikuwa wametoa riwaya ambamo Babbage alifanikiwa, na Uingereza ya Victoria ikapata kompyuta za mvuke. Mmoja wa waasisi wa saiberpanki aliandika pia moja ya riwaya maarufu za stimpanki, na hakuzichanganya, kwa sababu alijua kila dunia inaendeshwa na nini.

Kuna jambo moja la stimpanki ambalo msomaji wa kwetu hawezi kuliruka. Moshi ule na shaba ile vililipiwa na makoloni. Riwaya nyingi za mtindo huu hufurahia kofia ndefu na sherehe za chai bila kuuliza chai na mpira vimetoka wapi. Si zote. Mwaka 2016 Nisi Shawl, mwandishi Mmarekani mweusi, alitoa Everfair, stimpanki inayokwenda Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji na kuuliza wenyeji wangefanya nini kama wangeipata teknolojia ya mvuke mapema. Anayeanza leo ningemshauri asiiache.

Sehemu ya pili niliyojifunza ni sebuleni kwa shangazi, Dar es Salaam. Alikuwa amechukua simu ya mkopo, unalipa kidogo kidogo kila siku. Asubuhi moja aliamka akakuta kioo chote kimefunikwa na tangazo la deni. Namba za wateja wake wa vitenge zilikuwa humo, picha za mjukuu zilikuwa humo, na chaji ilikuwa asilimia 90. Simu ilikuwa nzima kabisa. Fundi wa mtaani aliigeuza mkononi mara mbili akamrudishia: "Mama, hapa hakuna cha kufungua. Imefungwa kutoka kwao." Shangazi aliazima hela kwa jirani, akalipa, na dakika chache baadaye simu ikafunguka yenyewe.

Mjomba angeweza kulifungua boila lake. Simu ya shangazi ilimtii mtu asiyemwona, aliyekaa mahali asipopajua. Nikarudi kwenye Neuromancer na safari hii nikaielewa.

Saiberpanki ni dunia ambayo nguvu yake ni data, nayo haionekani. Huwa imewekwa mbele kidogo ya leo, katika jiji lililojaa kupita kiasi. Waandishi wa miaka ya 1980 waliitazama Japani, iliyokuwa ikipaa kiuchumi na kielektroniki wakati huo, na Gibson akaianzishia riwaya yake katika mji wa Chiba, huko huko Japani. Wachoraji nao walivutiwa na Kowloon, ile ngome ya Hong Kong ambamo watu zaidi ya 30,000 waliishi kwenye eneo lisilofika hekta tatu, nyaya na mabomba yakining'inia juu ya vichochoro visivyoona jua, mpaka ilipobomolewa mwaka 1993 na 1994. Makampuni yana nguvu kuliko serikali. Mhusika mkuu si mvumbuzi bali ni mdukuzi, mdaiwa, au mbeba mizigo ya magendo, na teknolojia imeshaingia mwilini mwake: macho bandia, mishipa ya fahamu iliyounganishwa na mtandao. Usiku, mvua na neoni vinatokana na hisia hizo za upweke, shaka na kuchunguzwa. Mwanga wenyewe ni wa matangazo ya biashara.

Na macho bandia si ndoto tupu. Kampuni moja ya Marekani iliwapandikizia watu zaidi ya 350 duniani kifaa cha kuwasaidia kuona. Mwaka 2019 ikaacha kukitengeneza, na waliobaki nacho ndani ya jicho wakakosa wa kuwahudumia kikiharibika.

Nikaketi kuandika upya. Nilichukua tukio moja tu: msichana tarishi anavuka jiji usiku akiwa na orodha ya wadaiwa ambayo tajiri hataki ijulikane. Niliandika mara mbili.

Katika stimpanki, orodha iko kwenye kadi za karatasi ngumu zilizotobolewa matundu, kama zile zilizoongoza mitambo ya kufuma ya karne ya 19. Kadi 300, zimepangwa kwa mpangilio ndani ya sanduku. Akianguka nalo matopeni zikachanganyika, orodha imepotea hata kama hakuna kadi iliyoibwa. Anafika mtoni, mashua ya mvuke ipo, lakini boila limepoa. Wanaomfukuza wako daraja la tatu, yeye analitazama geji. Hofu yote ya sura ile niliipata kwenye mshale unaopanda taratibu.

Katika saiberpanki hakuna sanduku. Tarishi ameihifadhi orodha kwenye jicho lake la kulia, na jicho ni la mkopo. Yuko katikati ya daraja, mvua inanyesha, awamu ya malipo inapita usiku wa manane, na nusu ya dunia yake inazimika. Mbele yake linabaki tangazo la deni. Hakuna anayemkimbiza. Kampuni inajua alipo, na inasubiri.

Tangu hapo najipima hivi: nafuta mapambo yote, shaba, neoni na miwani, kisha natazama kama tukio bado linategemea mashine ile. Tarishi wa kwanza nikimpa boti ya petroli, sura nzima inakufa. Wa pili nikimpa jicho alilomaliza kulilipia, anavuka daraja na kwenda kulala. Hadithi iliyorudishwa na mhariri ilishindwa hapo, maana ningeweza kuwapa wahusika wangu bodaboda na simu za kawaida na kisibadilike kitu.

Nilimpelekea mhariri zote mbili, akachukua ya mvuke. Kabla haijatoka nilimsomea mjomba kwa simu. Alisikiliza kimya mpaka nilipofika pale maji yanapokauka kwenye kioo, chuma kinakuwa chekundu, na tarishi anaokoa mashua kwa kufungulia maji baridi.

"Hapana, mwanangu," alinikatiza. "Hapo wamekufa wote. Chuma kimeshaungua, ukikipa maji baridi kinapasuka, na mvuke unatoka kwa mpigo. Anachofanya ni kutoa moto. Anauchomoa moto, anaondoka karibu, anasubiri lipoe."

"Lakini mjomba, wanaomfukuza wameshafika."

"Basi atafute njia nyingine. Boila halina haraka za mtu."

Nikaandika anachomoa moto kwa koleo, makaa yanaanguka mtoni yakilia shii, na mashua inachukuliwa na mkondo gizani, kimya, bila mvuke.