Kumbukumbu ya stoo yangu: misimbo ya bidhaa na lebo za rafu

Juma la kwanza

Stoo yangu ni chumba kidogo kilichokuwa jiko la zamani la nyumba yetu hapa Nkuhungu, Dodoma, chenye urefu wa mita 2.5 na upana wa mita 2. Humo huhifadhi khanga, vitenge, mitandio, magauni ya watoto na marashi machache ninayouza kwa simu. Oda za mjini huchukuliwa na bodaboda, na zile za Mpwapwa, Kondoa na Manyoni hupelekwa stendi ya Nzuguni alfajiri kuwahi mabasi, kwa hiyo kazi ya kufungasha hufanyika usiku, na umeme ukikatika hufanyika kwa tochi.

Kabla ya kugusa chochote nilipima muda wa oda 10 mfululizo, tangu kusoma ujumbe wa mteja hadi kufunga mfuko. Wastani ulikuwa dakika 11. Nilipoangalia muda huo unaishia wapi, niligundua kuwa kukunja na kufunga nguo hakuzidi dakika 3. Zilizobaki zote zilikuwa za kutafuta, hasa magauni, kwa kuwa gauni la miaka 4 na la miaka 6 yakishakunjwa hayatofautiki kwa macho.

Fundi alinitengenezea rafu tatu za mbao: moja upande wa kushoto, moja ukutani mkabala na mlango, na moja upande wa kulia, kila moja ikiwa na ngazi nne. Zinapokea maboksi 40 ya plastiki yenye mifuniko. Mifuniko hiyo si anasa, kwani kuanzia Juni upepo wa Dodoma huingiza vumbi hata dirisha likiwa limefungwa, na mtandio mweupe ulioachwa wazi kwa siku tatu hauuziki tena bila kufuliwa.

Juma la pili: misimbo niliyolazimika kuifuta

Mwanzoni niliamua kuwa msimbo wa bidhaa utaje pia mahali bidhaa ilipo. Gauni la kwanza kwenye rafu ya 2 likaitwa R2-GAU-1. Nilijiona mjanja, kwa kuwa msimbo mmoja ungenipa habari zote.

Ujanja huo ulidumu siku tisa. Magauni yalianza kuagizwa kwa wingi, nikayahamishia rafu ya 1 iliyo karibu na meza ya kufungashia, na papo hapo kila msimbo wa gauni ukawa unasema uongo. Kuibadilisha misimbo kusingesaidia, kwa sababu wateja wangu hutuma picha waliyoihifadhi simuni wiki mbili zilizopita, nayo ina msimbo ule wa zamani. Hapo ndipo nilipoelewa kuwa jina la bidhaa na anwani ya rafu ni vitu viwili: jina halibadiliki hadi bidhaa iishe, lakini anwani hubadilika kila ninapopanga upya.

Sasa msimbo huanza na herufi tatu za aina ya bidhaa, ukifuatiwa na namba ya mtindo, na kwa magauni unaongezwa umri. Kwa hiyo GAU-23-6 ni gauni la mtindo wa 23 la mtoto wa miaka 6. Anwani ya rafu kwa upande wake huanza na tarakimu: 2B1 ni rafu ya 2, ngazi B, boksi la kwanza kutoka kushoto. Nilizipa sura tofauti makusudi, ili hata mtu mwenye usingizi asichukue kimoja akadhani ni kingine. Ngazi zinahesabiwa kuanzia chini, yaani A iko sakafuni, ili siku nikiongeza ngazi juu lebo zilizopo zisiguswe.

Kuna makosa mawili ya kuandika ambayo nimeyafungia njia. Situmii herufi O wala I, kwa kuwa kwa mwandiko wa mkono husomeka kama sifuri na moja. Vilevile sitoi namba zinazogeuzana ndani ya aina moja: kwa kuwa KHA-15 ipo, KHA-51 haitakuwapo kamwe.

Marashi yalinipa somo la peke yake. Niliyapa herufi MAR, nikaandika MAR-12 kwenye lahajedwali, na programu ikadhani nimeandika tarehe ya mwezi Machi, ikaibadilisha bila kuniuliza. Ningeweza kuiweka safu nzima iwe ya maandishi matupu kabla ya kuandika, lakini siku moja ningesahau. Marashi sasa ni MSH.

Juma la tatu: lebo

Lebo za kwanza zilibanduka kabla ya juma kwisha. Nililaumu selotepu, kumbe kosa lilikuwa langu, kwani niliibandika juu ya mbao yenye vumbi, nayo ikashika vumbi badala ya ubao. Sasa nafuta kwa kitambaa chenye unyevu, nasubiri pakauke kabisa, ndipo nabandika karatasi na kuifunika yote kwa selotepu pana inayozidi ukingo wa karatasi kila upande. Herufi zina kimo cha sentimita 3, nazo nimezipima kwa tochi nikiwa mlangoni.

Anwani inabandikwa kwenye ukingo wa rafu, na msimbo unabandikwa kwenye boksi. Boksi likitolewa, nafasi tupu inabaki na anwani yake, na anayelirudisha anajua pa kuliweka.

Juma la nne: oda moja hatua kwa hatua

Mteja wa Mpwapwa aliagiza doti mbili za khanga, gauni moja na mtandio mmoja. Lahajedwali ina ukurasa uitwao Bidhaa, ambao safu yake ya kwanza ni msimbo na ya tatu ni anwani. Nikiandika msimbo kwenye ukurasa wa oda, anwani inajitokeza kwa fomula hii:

```
=VLOOKUP(A2,Bidhaa!A:C,3,FALSE)
```

Neno la mwisho lisiachwe. Nililiacha siku ya kwanza, programu ikakubali msimbo unaokaribiana na nilioandika, ikanielekeza kwenye boksi la vitenge. Likiwapo, msimbo usiofahamika huleta ujumbe wa kosa, na hilo ndilo ninalolitaka.

Kisha napanga mistari kwa anwani, si kwa mfuatano wa mteja:

```
1A3  KHA-15    2
1B1  GAU-23-6  1
3B2  MTA-34    1
```

Binti wa kaka yangu, anayenisaidia jioni, alizunguka stoo mara moja tu kutoka kushoto kwenda kulia. Alama ya vema haiwekwi rafuni bali mezani, baada ya kulinganisha msimbo ulio kwenye mfuko wa nguo na ulio kwenye karatasi. Aliponiletea gauni alisita: "Shangazi, boksi linasema 6 lakini mfuko unasema 4." Alikuwa sahihi, mimi ndiye niliyelirudisha vibaya asubuhi. Tangu hapo kila umri una boksi lake, na umri wa 4 na wa 6 haukai tena jirani.

Oda hiyo ilichukua dakika 5. Nimepima 10 nyingine, wastani ni dakika 5 na nusu.

Kilichonishinda hadi sasa ni mzigo wa akiba. Boksi likijaa, khanga zilizozidi hukaa chini ya kitanda, na fomula yangu inajua kuleta anwani moja tu kwa kila msimbo. Kwa muda nimeweka kadi nyekundu ndani ya boksi, juu ya doti mbili za mwisho, iliyoandikwa 9A, ambayo ni anwani niliyoipa chini ya kitanda. Jana kadi ya KHA-15 ilitokea, nikaenda kuinama uvunguni, nikakuta doti sita.