Shamba Lililobaki Kwenye Akaunti ya Zamani

Kompyuta ilirudi kutoka kwa fundi ikiwa na akaunti mpya ya Windows, na Stardew Valley haipo. Nikaupakua mchezo upya, lakini nilipobofya Load nikakuta orodha tupu. Mdogo wangu, tuliyekuwa tukilima naye shamba lile kwa zamu, akaniuliza, "Dada, ng'ombe wetu wako wapi?"

Kwanza nilitazama mtandaoni, kwenye ukurasa wa Steam unaoorodhesha faili zilizohifadhiwa kwa kila mchezo:

```
store.steampowered.com/account/remotestorage
```

Stardew Valley haikuwemo. Kumbe kuhifadhi mtandaoni kulikuwa kumezimwa muda wote. Sikukuwasha papo hapo, maana sikutaka chochote kipandishwe wala kishushwe kabla sijajua nina nini mkononi.

Mchezo huu hauweki maendeleo pale ulipopakuliwa. Unayaweka hapa:

```
%appdata%\StardewValley\Saves
```

Hiyo `%appdata%` hufuata akaunti uliyoingia nayo. Yangu ilikuwa mpya, basi ikanipeleka kwenye folda mpya isiyo na kitu. Nikafungua `C:\Users`, na jina la akaunti ya zamani lilikuwa bado lipo. Ndani yake AppData haikuonekana, kwa sababu Windows huificha mpaka uruhusu vitu vilivyofichwa vionekane. Nikaingia Roaming, kisha StardewValley, kisha Saves, nikaiona: `Zawadi_281947305`.

Nikainakili folda nzima kwenye flashi, halafu nikaweka nakala nyingine kwenye Saves ya akaunti mpya. Safari hii shamba likajitokeza kwenye orodha, jina na pesa zake zote. Mdogo wangu akapiga makofi. Nikalibofya, likagoma kufunguka.

Nikarudi kwenye folda kusoma ukubwa wa faili, na hapo mambo yakawa wazi. `SaveGameInfo` ndiyo inayoipa orodha jina na pesa, nayo ilikuwa nzima. Faili kuu, yenye jina lile lile la folda, ilisoma KB 0. Umeme ulikuwa umekatika wakati mchezo unasevu, na ndiyo sababu hasa kompyuta ilipelekwa kwa fundi. Hata kama kuhifadhi mtandaoni kungekuwa kumewashwa, huenda faili hiyo tupu ingepandishwa vilevile ilivyo. Ndiyo maana sitegemei kuhifadhi mtandaoni kuwa nakala pekee.

Kando yake kulikuwa na faili mbili zinazoishia na `_old`, ambazo mchezo huziacha kila unaposevu, zikibeba hali ya usiku uliotangulia. Nikaziondoa zile mbili za sasa, nikafuta `_old` kwenye majina ya hizi, nikafungua mchezo.

Shamba likafunguka, ng'ombe wote wapo, ila tumerudi nyuma siku moja, kwa kuwa mchezo husevu mkulima anapolala. Mdogo wangu hakufurahi sana: siku iliyopotea ilikuwa zamu yake, na alikuwa amemaliza kuvuna maboga.