Ile namba 4 ya mafuta ya nazi ilitoka kwenye sikio la sungura

Jamani, mnaochagua mafuta ya uso kwa ile orodha ya 0 hadi 5, inayosema kiambato kinaziba vitundu vya ngozi kiasi gani, 0 ikiwa hakizibi na 5 kinaziba sana, mjue zilikotoka namba zake. Nyingi zilipatikana kwa kupaka kitu ndani ya sikio la sungura kwa wiki kadhaa, kisha kutazama kama vitundu vya vinyweleo vimeziba. Huko Marekani, watafiti wa ngozi Albert Kligman na Otto Mills waliutumia mtindo huo kupima vipodozi mnamo 1972. Tatizo ni kwamba sikio la sungura huziba upesi kuliko uso wa mtu. Tena namba ni ya kiambato, si ya losheni nzima iliyo na kidogo tu cha kiambato hicho.

Mimi mafuta ya nazi yakikaa usoni, paji linajaa vipele vidogo vyeupe. Dada yangu anayapaka kila siku na hana hata kimoja! Halafu nikanunua krimu iliyoandikwa “haizibi vitundu vya ngozi”, vipele vikarudi vilevile. Kumbe hata Marekani, FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, haijaweka kipimo rasmi cha maneno hayo, kwa hiyo mtengenezaji hujiamulia apime vipi.

Sasa kitu kipya nakipaka kwanza pembeni mwa taya, upande mmoja, bila kubadilisha kingine, kwa wiki kadhaa, maana kitundu hakizibi kwa usiku mmoja. Kikiwasha na kuwa chekundu kesho yake, hiyo ni ngozi kukereka, na naacha papo hapo.