Mchuzi wa nyama bila nyama, kwa mgeni vegani

Wengi wetu huku Ulaya, tukiambiwa mgeni wa Jumamosi ni vegani, tunapika mchuzi uleule wa siku zote, tunaacha nyama, tunaongeza karoti na njegere. Kinachotoka ni maji ya nyanya yenye harufu ya bizari. Mgeni atakula na kushukuru, lakini mwenye kujua mchuzi wa nyumbani ataonja mara moja na kujua kuna kitu kimepotea. Kilichopotea si minofu peke yake. Nyama ilikuwa inafanya kazi tatu ndani ya sufuria: inatoa ladha nzito ya supu, inaacha ukoko wa kahawia pale inapokaangwa, na mifupa na mishipa yake inalainika na kuufanya mchuzi ushike wali. Kila kazi itafutiwe mtu wake.

Tuchukue mchuzi wa kawaida wa pwani, wenye viazi na tui kidogo, kwa watu wanne.

Kazi ya ladha nzito inafanywa na uyoga mkavu aina ya shiitake, unaopatikana karibu kila duka la Waasia. Mwaka 1908 mkemia wa Kijapani, Kikunae Ikeda, alionyesha kwamba ladha nzito ya supu ya mwani inatokana na glutameti. Nyanya iliyokolezwa na sosi ya soya zina glutameti tele. Uyoga huu mkavu una kitu kingine, guanileti, ambacho kikikutana na glutameti ladha inaongezeka kuliko jumla ya viwili hivyo. Ndiyo maana uyoga peke yake hautoshi, na nyanya peke yake haitoshi.

Loweka gramu 20 za uyoga kwenye mililita 600 za maji baridi, uache kwenye friji usiku kucha. Asubuhi bandika maji hayo pamoja na uyoga kwenye moto mdogo, yapate joto polepole bila kutokota, kama dakika 15. Kisha chuja kwa kitambaa, maana chini hubaki mchanga. Tupa vikonyo, katakata vichwa. Usizidishe gramu hizo: ukitia 40, harufu ya uyoga itatawala na mchuzi hautakuwa tena wa pwani.

Mahali pa minofu tumia vipande vikavu vya soya, gramu 120. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Vipande vikavu vina harufu ya maharage mabichi, na vikiloweka maji tu vinakuwa sponji isiyo na ladha. Vichemshe dakika 10 kwenye maji yenye chumvi na kijiko kimoja cha mezani cha siki. Mwaga, suuza kwa maji baridi, kamua kwa viganja. Suuza tena, kamua tena, mpaka maji yanayotoka yawe safi na kipande kisidondoshe tone. Ukikamua kwa uvivu utaona kwenye sufuria: vipande vinatoa mvuke, mafuta yanaruka, na rangi haibadiliki. Palipo na maji joto haliendi mbali kupita nyuzi 100, na ukoko wa kahawia unahitaji joto kubwa zaidi ya hapo.

Vikishakauka, vichanganye na kijiko kimoja cha sosi ya soya, nusu ya tangawizi na thomu iliyotwangwa, na pilipili manga. Viache nusu saa. Kaanga kwenye mafuta vijiko vitatu, kwa mafungu mawili, bila kurundika, mpaka kingo zigeuke kahawia iliyokolea. Epua. Ule ukoko uliogandia kwenye sufuria usiuoshe. Ndio mchuzi wenyewe.

Sufuria hiyohiyo, ongeza mafuta vijiko viwili, tia kijiti cha mdalasini, hiliki tatu na karafuu tatu. Vikinukia, tia vitunguu maji vitatu vikubwa vilivyokatwa vyembamba. Hapa usiwe na haraka. Nyama ingekaa motoni saa moja na nusu na kuvipa vitunguu muda wa kuyeyuka. Mchuzi huu utachemka kwa dakika 30 hadi 35, kwa hiyo vitunguu vipate dakika 20 vyake peke yake kwa moto wa wastani, mpaka vifikie rangi ya asali iliyoiva. Vikishika chini, nyunyiza kijiko cha maji na kwangua.

Sasa tia tangawizi na thomu iliyobaki, dakika moja tu, maana thomu ikiungua uchungu wake hauondoki. Fuatisha vijiko viwili vya mezani vya nyanya ya kopo iliyokolezwa. Ikaange hadi wekundu unaong'aa ugeuke rangi ya tofali na mafuta yajitenge pembeni. Halafu bizari nyembamba kijiko kimoja cha chai, giligilani kijiko kimoja na nusu, na manjano nusu.

Nyanya mbichi tia mbili, si nne. Mafuta ya ng'ombe na uzito wa supu ya mifupa huwa vinafunika ukali wa nyanya, na hapa havipo. Mchuzi ukitoka mchachu, sukari haiutengenezi vizuri. Vitunguu vilivyoiva sawasawa ndivyo vinavyouponya.

Mwisho, uzito. Vijiko vitatu vya adesi nyekundu vilivyooshwa vitayeyuka kabisa na hakuna atakayeviona. Tia adesi, uyoga uliokatwa, maji yake yote, viazi vitatu na vipande vya soya. Chemsha kwa moto mdogo, ukifunika nusu, dakika 25 hadi 30. Viazi vikiiva, mimina mililita 100 za tui zito, dakika tano, kisha onja chumvi. Usionje kabla: sosi ya soya ina chumvi nyingi, na maji yakipungua chumvi inazidi. Kamulia ndimu ukishaepua. Ukipika usiku wa kuamkia siku ya mgeni ni bora zaidi, kwa sababu vipande vya soya vinaendelea kunywa viungo. Kesho utaongeza maji kidogo tu.

Mitego iliyobaki iko kabatini. Vidonge vya supu na mchanganyiko wa unga wa mchuzi mara nyingi huwa na mafuta au unga wa nyama. Kwenye pakiti za Umoja wa Ulaya, maziwa, mayai na samaki lazima viandikwe kwa herufi zinazojitokeza, kwa kuwa ni miongoni mwa vizio 14, yaani vyakula vinavyoleta mzio, vinavyotajwa na sheria. Mafuta ya ng'ombe na asali havimo katika orodha hiyo, basi soma viambato vyote, usipitishe macho kwenye maandishi mazito tu. Alama ya njano yenye herufi V nayo isomwe chini yake, kwani inatolewa kwa chakula kisicho na nyama na pia kwa kile kisicho na chochote cha mnyama. Neno lililoandikwa ndilo linaloamua. Na muulize mgeni mapema kama soya au ngano vinamdhuru, kwa sababu sosi nyingi za soya zina ngano.

Wali wa nazi hauna shida. Chapati zisukumwe kwa mafuta ya alizeti, si samli, na kikaango kiwe kimeoshwa. Kama wengine watapikiwa mchuzi wa nyama siku hiyohiyo, kila sufuria iwe na mwiko wake, na huu wa mgeni utangulie kupakuliwa.